Maelezo ya mchoro: makala ya lumbesa, ukurasa wa wakulima

Kaka, mchoro ni mmoja tu, upana safu nne, wino mweusi mtupu. Mahali ni Isongole, Rungwe, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Asubuhi ya Julai, baridi kali, ukungu umefunika vilima vya nyuma.

Chora nukta hii: mama mkulima amekwishapitisha ndoano ya mizani kwenye kamba ya gunia la viazi, lakini gunia bado liko chini na mshale uko sifuri. Hakuna anayejua uzito. Usilinyanyue gunia, wala mshale usiguse mia, maana kisheria mwisho wa gunia ni kilo 100 na ukiuonyesha umepita utakuwa umeshamaliza hadithi. Mizani ining'inie kwenye boriti ya banda, juu kidogo ya katikati, sura yake ikitazama msomaji.

Gunia liwe kubwa kuliko kila kitu. Juu ya mdomo wake kuna kilemba cha wavu kilichojaa viazi hadi kumfika mama kifuani. Kijana mpakiaji ameliegemeza goti, shazia ikiwa hewani, uzi umekazwa kwa mshono wa mwisho. Mkono umesimama. Macho yake hayako kwenye gunia, yanamtazama dalali kuuliza niendelee au niache.

Dalali yuko kulia, mgongo karibu na ubavu wa Fuso, anahesabu noti. Kidole gumba kimekwama katikati ya bunda. Hapa ndipo pagumu: tabasamu alilokuwa nalo wakati wa kupatana bei lingali mdomoni, ila machoni limekwisha toka. Usimpe kitambi wala miwani ya jua; dalali wa namna hiyo tumeshamchora mno, na wasomaji wetu wa Uyole wanawajua madalali waliovaa makoti yaliyochakaa kama wao.

Mama avae sweta la kiume juu ya kitenge, kofia ya sufu, buti za mpira zenye udongo. Asikunje uso, asinyooshe kidole. Midomo imefungwa, kidevu kimeinuka kidogo tu, mkono mmoja umeshika ndoano, mwingine umebana daftari la shule kwapani. Ujasiri wake tuuone kwenye vidole.

Viazi viwili vitatu vimedondoka miguuni. Nyuma, magunia mengine yaliyokwisha shonwa, yote na vilemba, yafifie kwenye ukungu. Hayo yanatosha kusema kwamba hili si la kwanza.

Mistari iwe minene, maana karatasi yetu inakunywa wino na vivuli vya mistari myembamba vitageuka doa. Usiandike neno lolote, hata jina ubavuni mwa gari, na namba ya gari isionekane. Rasimu ya penseli niione Jumatano kabla ya mchana. Wino Alhamisi jioni, kabla ukurasa haujafungwa.