Kifuta jasho cha msimu na msimamizi mpya wa meza ya madaraja

Mtwara, Ijumaa, 14 Machi 2025

Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, habari za asubuhi.

Nimewaita kabla ya boila kuwashwa ili tumalize mapema. Wengi wetu tumefunga, wengine Ramadhani, wengine Kwaresima, na sitaki kumweka mtu juani. Tangazo hili nitalibandika ubaoni pia, kwa ajili ya zamu ya mchana.

Nianze na pesa, maana najua ndiyo iliyowaleta mbele.

Kila aliyefanya kazi msimu huu wa 2024/2025, awe mbanguaji, mlinzi au mpishi wa kantini, atapata kifuta jasho cha shilingi 60,000. Walioingia katikati ya msimu watapata kulingana na miezi yao. Hela itaingia Jumanne, 25 Machi, kabla ya Idi, pamoja na mshahara, na itakatwa kodi kama mshahara. Mlitarajia zaidi, na mimi pia. Mnakumbuka Oktoba 2024 minada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Wenye mikorosho tulishangilia, lakini kiwanda kilinunua korosho ghafi kwa bei hiyohiyo, na fungu likabana.

Kuna nyongeza ya 40,000 kwa kila mtu wa meza iliyotoa korosho nzima 75 au zaidi katika kila 100. Zimefikia meza ya pili, meza ya tano na chumba chote cha kumenya. Hongereni sana.

Meza ya nne, nawageukia ninyi. Mmeishia 71. Lakini wageni wote walioajiriwa Novemba tuliwaweka kwenu. Mkono mgeni huvunja korosho, na mafuta ya ganda yakimchoma ndiyo kabisa. Nimemwona Mama Zuhura akiacha rundo lake, anashika mkono wa binti, anamwonyesha namna ya kuilaza korosho kwenye kisu, kisha anarudi kwenye kazi yake nusu saa imekwisha. Mabinti hao leo wanabangua kama wenyeji. Kipimo chetu hakikuiona kazi hiyo. Hilo ni kosa la kipimo, halikutoka mikononi mwenu.

Mtaniuliza, kwa nini basi msipewe? Kipimo tulikitangaza Septemba. Nikikibadilisha leo baada ya hesabu, hata kwa haki, kesho nitaombwa nikibadilishe kwa ajili ya shemeji yangu. Kwa hiyo msimu uliopita unabaki ulivyo. Ila kuanzia 1 Aprili, miezi miwili ya kwanza ya mgeni haitaingia kwenye hesabu ya meza, na anayefundisha atalipwa posho yake kila wiki. Uongozi umeshasaini.

Sasa nafasi ya msimamizi wa meza ya madaraja. Ameipata Dada Somoe. Kila mwombaji alipewa sinia la korosho karanga zilizochanganywa, azitenganishe nzima, nusu na vipande, halafu nzima azipange kwa ukubwa. Somoe alisimama mbele ya sinia lake, akachota, akazipima kwa ratili, akahesabu. Sanduku la W320 mnunuzi akilifungua akakuta W240 zimo, tumempa bure korosho kubwa. Akikuta ndogo, analirudisha. Somoe hakukosea hata moja, na alijua kueleza kwa nini. Ataanza Jumatatu.

Waombaji wengine sitawataja hapa, na alama zao sitazisoma. Nilikaa na kila mmoja jana, peke yake, nikamwonyesha karatasi yake: wapi alifanya vizuri, wapi alipungukiwa. Kama kuna jambo halikueleweka, mlango wangu uko wazi Jumatatu na Jumanne baada ya kazi. Nafasi ilikuwa moja tu, na kati yao wapo ambao ningewakabidhi meza hiyo kesho bila wasiwasi. Wawili wataikaimu kwa zamu kila Jumamosi, kwa posho ya kukaimu, kuanzia mwezi ujao. Tukifungua zamu ya usiku Oktoba tutahitaji msimamizi mwingine, na nafasi hiyo itatangazwa humuhumu kwanza kabla ya kwenda nje.

Ombi langu moja. Utani wetu naujua, na Mmakua na Myao wakikutana hapa kazi husimama. Lakini wiki hii msimtanie mtu kwa nafasi aliyoikosa, wala msimwambie Somoe kwamba amebebwa. Mwenye shaka na matokeo aje kwangu. Sinia bado lipo, nitampa alipange.

Meza ya pili mkabadilishane na meza ya nne leo, kule dirishani kuna upepo. Haya, tukawashe boila.

Meneja wa Kiwanda