Kavu Kwanza: hati ya video ya sekunde 30

Shindano la ubunifu wa wanafunzi, Dodoma
Wazungumzaji: Sechelela na Yohana
Mahali: uani kwa mama mwenyeji wetu, Buigiri, wilaya ya Chamwino
Simu ilale, si kusimama. Maandishi ya skrini yote kwa Kiswahili.

SEKUNDE 0 hadi 4
Picha: Chupa ya kioo mkononi mwa Sechelela, karibu kabisa. Ndani kuna mahindi na chumvi. Anaizungusha polepole, chumvi imegandia kwenye kuta za chupa. Nyuma yake, kwa ukungu wa kamera, mahindi yaliyopukuchuliwa na gunia lililo wazi.
SECHELELA: Tumeng'ata, tukaona ni makavu. Chumvi inasema bado.
MAMA (hatumwoni, tunamsikia tu): Kumbe!

SEKUNDE 4 hadi 12
Picha: Sechelela anainua uso, anatazama kamera. Hakuna muziki hapa.
SECHELELA: Mwaka 2016, sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Haionekani, na kupika hakuiondoi. Huongezeka nafaka ikiingia ghalani na unyevu.
Skrini: Sumukuvu. Dodoma na Manyara, 2016.

SEKUNDE 12 hadi 21
Picha: Yohana amechuchumaa kando ya gunia. Anajaza punje kwenye kipima unyevu, namba inatokea. Kata. Mama na Yohana wanatandaza turubai la bluu, mahindi yanamwagwa juu yake.
YOHANA: Kavu Kwanza tunafika uani na kipima unyevu. Bado hayajakauka? Tunakukodisha turubai, unaanika, tunarudi kupima bure.
Skrini: Kikomo cha mahindi: unyevu 13.5%. Kupima gunia: Sh 500.

SEKUNDE 21 hadi 30
Picha: Wote wawili wamesimama, mahindi yameanikwa mbele yao. Yohana ameshika kipima, Sechelela hana kitu mkononi.
SECHELELA: Tunaomba shilingi milioni tatu na laki sita, tuanze Chamwino mavuno yajayo.
YOHANA: Na mtaalamu wa usalama wa chakula atusimamie.
Skrini: Vipima 4. Maturubai 20. Mafuta ya pikipiki, msimu mmoja. Jumla Sh 3,600,000.
Video inakatika hapo hapo. Tusiweke nembo inayozunguka mwishoni, inakula sekunde tunazozihitaji kwa ombi.

Kwa sisi tunaorekodi

Sentensi za sumukuvu zisemwe kama zilivyoandikwa, hata neno moja lisiongezwe. Kipima chetu kinapima unyevu. Hakipimi sumu, na hakuna sehemu ya video inayosema kinapima. Naomba hili lieleweke kwa wote, kwa sababu tukiwa mbele ya kamera ulimi una tabia ya kuteleza na kusema "tunapima sumukuvu majumbani". Mama akisikia hivyo, atampikia mtoto uji kwa imani kwamba tumeyapitisha mahindi yake, kumbe ukungu uliingia tangu shambani, wakati mvua ilipokatika na mahindi yakasimama na kiu, au wadudu walipotoboa gunzi. Kukausha kunauzuia ukungu usiendelee kuzaa sumu ghalani. Sumu iliyokwisha kuingia hakuitoi. Kuipima ni kazi ya maabara, na ndiyo maana ombi letu lina mtu pamoja na fedha. Jaji akituuliza kwa nini tunamtaka mtaalamu, jibu ni hilo: tunataka mtu atakayechukua sampuli za magunia tuliyoyapima, zipelekwe maabara, tujue kama kazi yetu inasaidia kweli.

Jaribio la chumvi lifanyike kwa haki. Chupa iwe kavu kabisa, chumvi nayo iwe kavu, changanya na punje, tikisa, uache kama dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 hivi, kwa hiyo kipima cha Yohana nacho lazima kisome juu ya hapo. Tusiloweshe mahindi ili picha ipatikane. Tumwombe mama mwenyeji atutengee yaliyotoka shambani karibuni, yapukuchuliwe siku hiyo hiyo. Kama chumvi haikugandia, basi mahindi yake yako chini ya asilimia 15 hivi na tutamshukuru, tutaomba kwa jirani.

Kuhusu mwaka 2016: picha za wagonjwa, makaburi au mtoto anayelia hazitaingia. Chemba, Kondoa na Kiteto kuna familia zilizozika watu, na wengine wao wana watoto wanaosoma na sisi. Sechelela anataja tukio, anatulia kidogo, anaendelea. Sauti ya kawaida, kama anayemweleza shangazi yake. Uzito uko kwenye habari yenyewe.

Mama mwenyeji aelezwe kabla ya siku ya kurekodi kwamba video itaoneshwa hadharani. Akikubali sauti yake tu, tunachukua sauti tu, na hati imeandikwa hivyo makusudi. Ile "Kumbe!" tusimfundishe kuisema. Tumwoneshe chupa kamera ikiwa imewashwa; atakachosema ndicho tutakachoweka, mradi kiingie ndani ya sekunde ile. Kwenye turubai ionekane mikono yake tu kama hataki uso.

Turekodi asubuhi, kabla ya saa nne. Upepo wa Dodoma ukishaamka hakuna maikrofoni ya simu itakayosikika, na vumbi jekundu litaingia kwenye mahindi ya watu. Yohana aseme "kipima unyevu" taratibu, kwenye mazoezi imekuwa ikisikika kama neno moja. Sehemu yake ndiyo yenye nafasi. Ya Sechelela ya pili ndiyo imebana. Ikizidi sekunde 30, tusiguse "kupika hakuiondoi". Watu wengi wanaamini moto unamaliza kila kitu, na jaji asiyelijua hilo hataona kwa nini tunahangaika na ukaushaji. Bora tupunguze "mavuno yajayo".

Karanga tumeziacha kwa makusudi. Nazo hushikwa na sumukuvu, lakini kikomo chake cha unyevu ni kingine, chini zaidi ya cha mahindi, na namba mbili kwenye video fupi hivi zitamchanganya mtazamaji.

Hesabu ya ombi, mmoja wetu akiulizwa ghafla: vipima 4 kwa Sh 450,000 ni 1,800,000. Maturubai 20 kwa Sh 60,000 ni 1,200,000. Mafuta 600,000. Turubai linakodishwa Sh 1,000 kwa siku, kwa hiyo likitoka siku 60 limerudisha bei yake, na msimu wa kuanika hapa, mvua zikishakatika, ni mrefu kuliko hapo. Kurudi kupima ni bure kwa sababu mtu akilipishwa mara ya pili atasema "yatakuwa yamekauka tu", ataziba gunia, na tutakuwa tumepoteza gharama zetu na yeye amebaki na mahindi yale yale. Jaji akisema Sh 500 ni ndogo mno, tusiipandishe pale pale ili kumfurahisha. Mkulima wa magunia 20 atatoa Sh 10,000 kabla hajauza hata debe moja, na kwake hiyo ni fedha.