Barua ya wazazi kwa Mwalimu Mkuu kuhusu pendekezo la kumrusha darasa mtoto wao

Kihonda, Morogoro
25 Novemba 2024

Kwa Mwalimu Mkuu,

YAH: PENDEKEZO LA KUMRUSHA REHEMA KUTOKA DARASA LA PILI KWENDA DARASA LA NNE

Husika na kichwa cha habari hapo juu, pamoja na barua yako ya tarehe 18 Novemba 2024, ambayo ilitueleza kuwa walimu wa Darasa la Pili wameona binti yetu Rehema anaweza kuruka Darasa la Tatu na kuanza Darasa la Nne shule zitakapofunguliwa Januari.

Tunakushukuru sana, na tunaomba shukrani hizi zimfikie pia mwalimu wake wa darasa. Rehema alianza Darasa la Kwanza akiwa anatambua herufi chache tu, na leo anamsomea bibi yake gazeti jioni, akikwama kwenye neno analirudia kwa silabi mpaka limkae mdomoni. Tunajua kazi hiyo haikufanyika nyumbani peke yake.

Hata hivyo, baada ya kulizungumza jambo hili kwa juma zima, sisi wazazi tumekubaliana kwamba Rehema aendelee na Darasa la Tatu pamoja na wenzake, na tunaomba kwa heshima utuelewe.

Sababu iliyotuelemea zaidi ni nafasi ya Darasa la Tatu lenyewe. Kwa miaka miwili Rehema amejifunza hasa kusoma, kuandika na kuhesabu, na ni katika Darasa la Tatu ndipo mtoto huanza kukutana na masomo yanayojitegemea, kama vile Sayansi na Jiografia, yenye istilahi zake na maswali yanayodai maelezo. Darasa la Nne nalo linaishia kwenye Upimaji wa Kitaifa unaoendeshwa na Baraza la Mitihani, ambao mtoto asiyefikia kiwango hulazimika kukariri darasa. Tukimrusha, ina maana ayaanze masomo hayo kwa mara ya kwanza na kupimwa kitaifa ndani ya mwaka huohuo, huku wenzake wakiwa wameshayazoea kwa mwaka mzima. Huenda angefaulu, lakini angefaulu kwa kukimbizana, na sisi tungependa ayaelewe.

Pia kuna suala la mkono wake. Rehema anasoma kwa kasi kuliko anavyoandika. Tumekaa naye wakati wa kazi za nyumbani na kuona kwamba jibu huwa tayari kichwani, lakini sentensi tatu zinamchukua muda mrefu, anakandamiza penseli mpaka karatasi inatoboka, kisha anaiweka chini na kukunja na kukunjua vidole. Madaftari yake yanaonyesha mistari ya kwanza iliyonyooka na ya mwisho iliyoporomoka. Si kwamba anapungukiwa na akili wala bidii. Ni umri wa miaka saba, na linahitaji muda.

Tungependa pia ujue kwamba baba yake Rehema alirushwa darasa akiwa shule ya msingi, kutoka la tatu hadi la tano, kwa nia njema kabisa ya walimu wake. Aliwakuta wenzake wakijumlisha na kutoa sehemu, naye hajawahi kuiona hata nusu imeandikwa ubaoni. Kwa kuwa alikuwa ameshaitwa hodari, aliona aibu kuuliza, akawa ananakili majibu ya jirani yake wa dawati, na Hisabati ikamtesa mpaka sekondari. Hatusemi kwamba hayo yangempata Rehema, ila ni vigumu kwetu kuyasahau tunapoamua juu yake.

Tunafahamu pia hofu iliyo nyuma ya pendekezo lenu, kwamba mtoto anayemaliza kazi mapema huchoka kusubiri na kuanza kuzungumza na wenzake. Tunaiona hofu hiyo kuwa ya haki. Kwa hiyo tunaomba, endapo mwalimu wa Darasa la Tatu ataona inawezekana, Rehema aruhusiwe kuazima vitabu vya hadithi vya madarasa ya juu, na anapomaliza zoezi apewe maswali magumu zaidi ya somo lilelile. Sisi tutamnunulia daftari la mwandiko, na kila jioni atafanya ukurasa mmoja mbele ya mmoja wetu.

Rehema mwenyewe hatujamweleza habari hii, na tunaomba walimu nao wasimweleze, asije akadhani kuna kosa alilofanya.

Tuko tayari kufika shuleni siku yoyote kabla ya kufunga muhula, iwapo utapenda tulizungumze ana kwa ana.

Wako katika malezi ya mtoto,

Baba Rehema na Mama Rehema