Itue Chaki, Mwalimu

Shairi la kumuaga mwalimu wa darasa la kwanza, shule ya msingi, Muheza, Tanga, 1988–2026. Linaghaniwa na walimu wenzake. Kibwagizo waitikie wote, wazazi na watoto.

Wenzako tumekutana, kivulini uwanjani,
Wazazi wamejazana, Magila hadi Amani,
Kengele imeshanena, si ya kwenda darasani,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Thelathini na minane, miaka ya utumishi,
Tangu themanini nane, pasi doa na ubishi,
Sitini leo, tuone, sheria haikawishi,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Ulikuja na sanduku, la bati, na ndani cheti,
Nyumba ya mwalimu huku, bila dari, bila kiti,
Kibatari cha usiku, ukisahihisha hati,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Darasa wanalokwepa, la kwanza, tuseme kweli,
Mkuu alipokupa, hukuliomba la pili,
Alolia ukampa, vizibo vyake viwili,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Vizibo mia vya soda, kumi kumi kwenye uzi,
Mbili toa saba? Ada: kopa kumi, siyo wizi,
Fundo legeza, si shida: kumi na mbili ni wazi,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Kosa lao ulijua: hawapunguzi makumi,
Jibu hivyo hulizua, kumi lao halihami,
Uzi ukawafumbua: mkono una ulimi,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

A e i o u mwanzoni, wiki mbili za kuimba,
Kisha ma, mama nyumbani, neno la kwanza kuumba,
Kidole ki mchangani, kabla penseli kuomba,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

B na d hubabaisha, tumbo latazama wapi?
Dole gumba ukanyosha, ngumi ya kushoto, ipi?
“B!” sauti zikatisha, kwa mrefu na mfupi,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Thamani siyo samani, dhahabu siyo zahabu,
Ulimi toa menoni, kidogo, pasi aibu,
Kioo ki mkononi, kila mtu ajaribu,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Penseli moja kwa wembe, vipande viwili sawa,
Jirani asimuombe, kila mtoto kapewa,
Ncha fupi, usichimbe, ndefu huvunjwa, elewa,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Wa shoto ukamwachia, mkono ule ni wake,
Pembeni ukamtia, kushoto kwa benchi lake,
Kiwiko kingeingia, ubavuni mwa mwenzake,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Ubao ukipauka, chaki huteleza tena,
Betri mbovu ukasaka, majani boga mapana,
Ukatwanga, ukapaka, Ijumaa ya mchana,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Siku mbili ukauke, mbichi hutafuna chaki,
Chaki ndefu ivunjike, nzima hulia kwa chuki,
Herufi zako zifike, kwa wa nyuma, ndiyo haki,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Elfu mbili kumi na sita, michango kufutwa nchini,
Mia mbili wakapita, wakaketi sakafuni,
Makundi ukayakata, asubuhi na jioni,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Kila kundi kumi wao, mjuzi wao mmoja,
Husoma silabi zao, wewe wapita, wangoja,
Aliyekwama kikao, kesho huanza pamoja,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Fimbo uliiegesha, kwa mchwa ikaachiwa,
Woga huwanyamazisha, kosa lisijetibiwa,
Swali ukalirudisha, kwa njia nyingine, sawa,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Asosoma ubaoni, si mvivu, huenda macho,
Akakaa karibuni, ukapima kwa kificho,
Alosinzia kitini, ukauliza alacho,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Kilo tano watu mia, uji, saa nne tayari,
Maji baridi watia, mabuje yasishamiri,
Wazazi wakachangia, mahindi, kuni, sukari,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Hayupo siku ya tatu, wapiga hodi nyumbani,
Kumbe hanacho kiatu, kumbe mto kivukoni,
Kumbe ni msimu wetu, wa machungwa, yu shambani,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Daraja lilichelewa, kupanda, ukanyamaza,
Nauli hukulipiwa, madai ukayajaza,
Andalio lilikuwa, mezani kabla ya giza,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Nesi kadi akijaza, ule mwandiko ni wako,
Mama ndizi akiuza, chenji ni vizibo vyako,
Pale stendi Muheza, mabango yana b yako,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Mama umemfundisha, mwanawe na mjukuu,
Huyu b akipindisha, ni ya bibiye, nukuu,
Dawa hukubadilisha: ngumi na gumba la juu,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Hati zako ziwe sawa, jina moja kila fomu,
Herufi ikikosewa, malipo huwa magumu,
Ya kwanza kuajiriwa, barua yake muhimu,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Kikokotoo chalia, wengi kimeshawaponza,
Arobaini kwa mia, mkupuo wake kwanza,
Salio litaingia, kila mwezi, ukatunza,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Wajao na biashara, faida ya wiki moja,
Waambie kwa ishara: “Mwaka mzima nangoja,”
Kuku chanja nne mara, kwa mwaka, kideri huja,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Tumechanga, tumeleta, bati thelathini nne,
Nene, hazipindi hata, geji ishirini nane,
Mvua ikizikamata, ulale, usiione,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Kesho macho alfajiri, yatafumbuka, tabia,
Rudi ulale, subiri, kengele ikiwalia,
Hawa wapya, Januari, silabi twawatajia,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Kabati tumepokea, funguo mbili na kopo,
Kadi zako zatimia, silabi tisini zipo,
Vizibo twahesabia: tisini na saba vipo,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.

Vitatu tumevikosa, huenda vi mfukoni,
Kwa mtu mzima sasa, hakumbuki ni vya nini,
Akipapasa papasa, hesabu yaja kichwani,
Itue chaki, Mwalimu, alama haifutiki.