Saketi ya betri mbili: suluhisho kamili la swali la 4

Vijana wangu wa kidato cha tano,

Nimemaliza kusahihisha karatasi zenu. Swali la 4 limewaangusha wengi, na si kwa sababu hamjui hesabu. Milinganyo mingi imeandikwa vizuri mpaka katikati, kisha mtu akaona jibu lenye alama ya kutoa, akashtuka, akarudi nyuma kubadilisha mishale. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Naliandika swali lote upya, hatua kwa hatua, ili kila mmoja akae na karatasi yake pembeni na kuona alikoachia njia.

Swali lilikuwa hili. Betri ya kwanza ina seli kavu sita zilizounganishwa mfululizo, jumla volti 9, na ukinzani wa ndani wa omu 1. Betri ya pili ina seli tatu, volti 4.5, na ukinzani wa ndani wa omu 1 vilevile. Ncha chanya za betri zote mbili zinaelekea juu, kwenye makutano A. Ncha hasi zinaelekea chini, kwenye makutano B.

```
 +-----------A-----------+
 |           |           |
 R1=1Ω       R2=2Ω       R3=4Ω
 |           |           |
 + E1=9V     + E2=4.5V   +-------+
 | r1=1Ω     | r2=1Ω     R4=3Ω   R5=6Ω
 |           |           +-------+
 +-----------B-----------+
```

Mliambiwa mtafute mkondo katika kila tawi, tofauti ya volteji kati ya A na B, mkondo katika R4 na R5, kisha mseme betri ipi inatoa nishati na ipi inapokea.

Kuna waliojaribu kuyajumlisha matawi yote matatu kama rezista sambamba, wakapata omu 1, halafu wakachukua 9 − 4.5 na kugawanya. Hilo haliwezekani. Rezista mbili ni sambamba pale tu ncha zao zote zinapokutana bila kitu kingine kati. Tawi lenye betri ndani yake lina msukumo wake lenyewe, huwezi kulihesabu kama rezista tupu. Ndiyo maana tunahitaji kanuni mbili alizozitoa Gustav Kirchhoff mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu kule Königsberg. Alikuwa na miaka 21 tu, si mkubwa sana kwenu.

Kanuni ya makutano: mkondo wote unaoingia kwenye makutano ni sawa na mkondo wote unaotoka. Chaji haijilundiki pale, wala haipotei. Kanuni ya kitanzi: ukianza mahali fulani, ukazunguka kitanzi kizima na kurudi ulipoanzia, volteji ulizopanda ni sawa na ulizoshuka. Ni kama mtu anayezunguka milima ya Usambara na kurudi mlangoni kwake: apande na kushuka vyovyote, mwisho wa safari yuko kwenye kimo kilekile.

Kabla ya milinganyo, punguza kinachoweza kupunguzwa. R4 na R5 ni sambamba kweli, maana ncha zao zinakutana juu na chini:

3 × 6 ÷ (3 + 6) = 2 Ω

Kwa hiyo tawi la kulia lote lina 4 + 2 = 6 Ω. Tawi la kushoto lina 1 + 1 = 2 Ω, na la kati lina 2 + 1 = 3 Ω. Waliosahau ukinzani wa ndani wa betri walipoteza alama hapa, na mimi sikuweza kuwasaidia, kwa sababu majibu yote yaliyofuata yalitoka tofauti.

Sasa mishale. Nachagua I1 upande kwenda A katika tawi la kushoto, I2 upande kwenda A katika tawi la kati, na I3 ushuke kutoka A kwenda B katika tawi la kulia. Huku ni kukisia. Sijui bado kama I2 unapanda kweli. Sihitaji kujua. Ninachohitaji ni kuishika mishale hiyo mpaka mwisho, nisiiguse tena.

Makutano A:

I1 + I2 = I3 … (i)

Makutano B yanatoa mlinganyo uleule, usiuandike mara ya pili.

Kitanzi cha nje: natoka B, napanda tawi la kushoto, napita A, nashuka tawi la kulia. Nikivuka betri kutoka hasi kwenda chanya napanda volti 9. Nikivuka rezista nikifuata mshale wa mkondo nashuka kwa I × R:

9 − 2·I1 − 6·I3 = 0 … (ii)

Kitanzi cha kulia: natoka B, napanda tawi la kati, nashuka tawi la kulia:

4.5 − 3·I2 − 6·I3 = 0 … (iii)

Hapa tuna milinganyo mitatu na visivyojulikana vitatu. Inatosha. Baadhi yenu mliacha (i), mkachukua vitanzi vyote vitatu, mkaishia kwenye 0 = 0 na kudhani mmekosea kuhesabu. Hamkukosea kuhesabu. Kitanzi cha kushoto ni (ii) ukitoa (iii), hakuna habari mpya ndani yake. Kina kazi nyingine, nitakitumia mwishoni kuhakiki.

Weka (i) ndani ya (ii) na (iii):

8·I1 + 6·I2 = 9
6·I1 + 9·I2 = 4.5

Zidisha wa kwanza kwa 3 na wa pili kwa 2, ili I2 ziwe sawa:

24·I1 + 18·I2 = 27
12·I1 + 18·I2 = 9

Toa: 12·I1 = 18, basi I1 = 1.5 A. Rudisha kwenye 8·I1 + 6·I2 = 9: 12 + 6·I2 = 9, basi I2 = −0.5 A. Kutoka (i), I3 = 1.5 − 0.5 = 1 A.

Simama hapa. Hiyo −0.5 ndiyo iliyowatisha. Alama ya kutoa inakwambia kitu kimoja: mkondo katika tawi la kati unaenda kinyume na mshale uliouchora. Nusu ampea inashuka kutoka A kwenda B. Ukubwa ni sahihi, kisio la mwelekeo ndilo lililokuwa kinyume, na milinganyo imelirekebisha yenyewe. Ukibadilisha mshale katikati ya kazi huku milinganyo imejengwa kwa mshale wa zamani, unaharibu kitu kilichokuwa kizima. Na unapotafuta I3, ingiza −0.5 pamoja na alama yake. Mmoja wenu aliifuta, akapata I3 = 2 A, na kila kitu baada ya hapo kikaanguka.

Sasa volteji kati ya A na B. Tawi la kulia linatupa 6 × 1 = 6 V. Lakini njia ni tatu, na A ni ileile, kwa hiyo zote lazima zikubaliane. Kwa tawi la kushoto: betri ina 9, ndani yake inapotea 1.5, ncha zake zinabaki na 7.5, R1 inachukua 1.5 nyingine, inabaki 6. Kwa tawi la kati mkondo unashuka, kwa hiyo tukipanda kutoka B tunaenda kinyume na mkondo na volteji inaongezeka kwenye ukinzani: 4.5, ongeza 0.5 ya ndani, ncha za betri zina 5 V, ongeza 1 ya R2, tunapata 6.

Tazama hiyo 5 V. Betri ya 4.5 ukiipima nchani inasoma zaidi ya volteji yake! Wengi mlishika kichwani kwamba ukinzani wa ndani hupunguza volteji ya nchani siku zote. Huipunguza betri inapotoa mkondo. Mkondo ukisukumwa kuingia ndani yake, huiongeza.

R4 na R5 zina 1 × 2 = 2 V kati yao. R4 inapata 2 ÷ 3 = 0.67 A, R5 inapata 2 ÷ 6 = 0.33 A. Jumla 1 A.

Kuhusu nishati: mkondo katika betri ya kwanza unatokea ncha chanya, kwa hiyo inatoa, 9 × 1.5 = 13.5 W. Katika betri ya pili mkondo unaingilia ncha chanya, kwa hiyo inapokea, 4.5 × 0.5 = 2.25 W. Joto la kushoto ni 1.5² × 2 = 4.5 W, la kati 0.5² × 3 = 0.75 W, la kulia 1² × 6 = 6 W. Jumlisha 2.25 + 4.5 + 0.75 + 6: ni 13.5 W, hakuna hata kidogo kilichopotea. Na kitanzi cha kushoto, 9 − 2(1.5) + 3(−0.5) − 4.5, kinatoa sifuri kamili. Nikipata karatasi yenye uhakiki kama huu huwa naweka alama kwa furaha.

Je, ungeweza kujua mapema kwamba betri ya pili itapokea? Ndiyo. Ing'oe kwanza. Betri ya kwanza peke yake na tawi la kulia zinatoa 9 ÷ 8 × 6 = 6.75 V kati ya A na B. Betri yoyote ya chini ya 6.75 V ukiirudisha hapo, ncha chanya juu, itasukumiwa mkondo. Ya 6.75 V kamili itakaa bila mkondo hata kidogo. Ya juu yake itatoa.

Jumatano tutaiunda saketi hii maabara, lakini si kwa muda mrefu: seli kavu za kawaida hazikutengenezwa kuchajiwa, zikisukumiwa mkondo huweza kujaa gesi na kuvuja. Tutafunga swichi, tutasoma mita, tutafungua. Na msilete rezista ndogo za robo wati, maana R3 peke yake inatoa 4 W na hizo zitaungua.

Kabla ya Jumatano, geuza betri ya pili ili ncha chanya ielekee B, kisha ufanye yote upya kwa mishale ileile. Utapata I1 = 3 A, I2 = −2.5 A, I3 = 0.5 A. I2 ni hasi tena, lakini safari hii betri ya pili inatoa nishati. Niandikie kwa maneno yako kwa nini, kisha onyesha kwamba wati 38.25 zinazotolewa zote zinaonekana kama joto.