Kuh: Bili ya stima ya Aprili, akaunti 4471803, mita 0920615: usomaji si sahihi

Kwa Idara ya Huduma kwa Wateja,

Bili yenu ya Aprili inanidai Sh 11,280 kwa yuniti 385. Nyumba ni ya vyumba viwili hapa Likoni, na kwa kawaida tunatumia yuniti 80 hadi 95 kwa mwezi. Siikubali bili hii.

Bili inaonyesha usomaji wa 18,462 tarehe 31 Machi, ambao ni sahihi, na 18,847 tarehe 30 Aprili. Leo asubuhi, 6 Mei, mita inasoma 18,565. Mita hairudi nyuma, kwa hiyo namba ya 30 Aprili haiwezi kuwa kweli. Naamini msomaji aliona 18,547 akaandika 8 mahali pa 5. Kioo cha mita kimefifia hapo katikati. Hesabu hiyo inaleta yuniti 85, sawa na matumizi yetu. Nimeambatisha picha ya mita, namba yake ikionekana wazi.

Naomba mfute yuniti 300 zilizozidi pamoja na kodi na tozo zake, kisha mnitumie bili mpya. Mkitaka kuhakiki, mtumeni fundi. Mama yangu yuko nyumbani kutwa.

Tarehe ya mwisho ya kulipa ni 14 Mei. Yuniti 85 nitazilipa mara nikipata bili iliyorekebishwa. Tafadhali msikate stima wakati lalamiko hili linashughulikiwa, kwani mama anahifadhi insulini kwenye friji. Naomba pia namba ya lalamiko.

Wenu,
Rehema, mwenye akaunti