Kodi ya Ploti: Kodi na Maji

Ona nani amelipa kodi, nani anadaiwa, na bili ya maji ya kila nyumba.

Andika kodi iliyolipwa na usomaji wa mita za maji, uone papo hapo kila nyumba inadaiwa shilingi ngapi. Mpangaji anapata risiti kwa WhatsApp au SMS. Programu hii haihitaji bando, isipokuwa kwa kutuma risiti za WhatsApp na kuhifadhi nakala.

Ni ya wenye ploti na keateka wa Nairobi, iwe ni singo rumu 8 Kayole au bedsita 40 Roysambu. Haipokei pesa wala haimtumii mpangaji ombi la malipo. Kodi inaendelea kulipwa kwenye paybill, till au laini yako ya kawaida.

MALIPO YA M-PESA
Nakili meseji nzima ya M-Pesa, chagua nyumba, bandika. Kiasi, tarehe na nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10 vinajijaza. Nambari iliyokwisha kutumika inakataliwa, kwa hivyo meseji moja haiwezi kulipia miezi miwili. Meseji zako hatuzisomi: programu haiombi ruhusa ya SMS, na ndiyo maana unabandika mwenyewe. Angalia nambari ya nyumba kabla ya kuhifadhi, maana wapangaji wengi hulipiwa na ndugu au rafiki na jina kwenye meseji huwa si lao.

MAJI
Mita ya B4 ilisoma 412 mwezi uliopita, sasa inasoma 419. Kwa bei uliyoweka ya shilingi 150 kwa yuniti, yuniti 7 ni shilingi 1,050, na zinaingia kwenye bili ya B4 pamoja na kodi. Ukiandika namba ndogo kuliko ya mwezi uliopita, programu inasimama na kukuuliza. Kama mita imebadilishwa, bonyeza "Mita mpya", uandike namba ya mwisho ya mita kuukuu na ya kwanza ya mpya. Usiifute nyumba na kuianza upya, utapoteza deni lake la nyuma.

USHURU
Mwisho wa mwezi unapata jumla ya kodi uliyopokea na asilimia 7.5 yake, kwa wanaolipa KRA ushuru wa mapato ya nyumba kila mwezi. Fomu unajaza mwenyewe kwenye iTax kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita.

SIMU IKIPOTEA
Rekodi zinakaa kwenye simu yako. Bila nakala, simu ikiibwa zimekwenda nayo. Kila Jumapili programu inakukumbusha kuhifadhi faili kwenye Google Drive, tafadhali usiahirishe. Kwenye simu mpya, bonyeza "Rejesha" na uchague faili hiyo.

BEI
Bure hadi nyumba 10. Kuanzia nyumba ya 11, shilingi 300 kwa mwezi kwa ploti nzima. Ukiacha kulipa, rekodi zote zinabaki wazi kusoma na kuchapisha.